Kurasa 14 za visima: nilivyoipata habari iliyolala ukurasa wa 11

Nilipoanza kazi ya redio hapa Nairobi, mwenzangu mmoja mkongwe alinipa ushauri ambao mpaka leo nikiukumbuka natamani kumdai fidia. Aliniambia: "Taarifa ya wizara soma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Katikati ni maji tu." Siku niliyoufuata kwa utiifu, katikati kulikuwa na maji kweli, ya visima, na mimi nikayapita.

Ilikuwa Juni, majira ambayo kila wizara inataka kuonekana ilifanya kazi kabla mwaka wa kifedha haujafungwa tarehe 30. Taarifa iliingia kwenye WhatsApp saa tano na dakika ishirini, kurasa 14, na sisi tunasoma habari saa saba. Wizara siitaji. Wizara na mashirika ya serikali yanayochimba visima nchini ni zaidi ya moja, kwa hiyo usijisumbue kukisia, na tarakimu nitakazotumia hapa nimezibadilisha. Ukurasa wa kwanza ulisema visima 312 vimechimbwa katika maeneo kame. Wa mwisho ulimshukuru kila mtu, kuanzia wafadhili hadi machifu.

Nisionekane mvivu kabisa, nilijaribu ujanja mmoja. Nilijua mambo mengi ya serikali huanza 1 Julai, mwaka mpya wa kifedha unapofunguliwa, basi nikafungua faili kwenye kompyuta, nikabonyeza Ctrl+F, nikaandika `July`. Hakuna. Nikajaribu neno lingine, hakuna. Nikajiambia kumbe mkongwe alisema kweli, humu hamna kitu. Nikaandika "Serikali yachimba visima 312", nikaisoma hewani kwa sauti yangu nzito ninayoitunzia habari kubwa, nikaenda kula githeri.

Sijamaliza githeri, simu ya studio ikalia. Mzee mmoja kutoka Makueni. Akanisalimu vizuri, akaniuliza hali ya jiji, kisha akasema, "Kijana wangu, hivyo visima ulivyosoma, chetu ni kimojawapo. Kinatoa maji, sikatai. Lakini chifu ametuambia kwenye baraza kwamba mwezi ujao dizeli ya jenereta tutanunua wenyewe. Mbona hilo hukulisoma?"

Nikamwambia, "Mzee, hilo halikuwa kwenye taarifa." Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya. Labda chifu ameota."

Jioni nilichapisha kurasa zote kwenye saiba moja pale River Road, sijui mia na ngapi hivi, nikapanda matatu ya kuelekea Umoja na penseli mkononi. Kabla hatujafika Jogoo Road nikagundua kosa la kwanza. Karatasi zile zilikuwa na mihuri iliyopinda na kivuli cha pembeni. Ilikuwa nakala iliyopigwa skana, picha tupu. Ctrl+F kwa kawaida haioni neno ndani ya picha ambayo haijageuzwa kuwa maandishi, hata neno hilo likirudiwa mara hamsini. Siku hizi, kabla sijatafuta chochote, natafuta kwanza neno ninaloliona kwa macho, kwa mfano jina la wizara lililoko juu. Lisipopatikana, najua nitasoma kwa macho yangu niliyopewa na Mungu.

Kwenye foleni ya magari nilianza mchezo wa penseli, nao ndio ninaojivunia hadi leo. Sikusoma maana, nilisoma vitenzi. Kilichokwisha kufanyika nilikipigia mstari mmoja. Kile ambacho "kinaendelea" au "kiko katika hatua za mwisho" nilikizungushia duara. Kile ambacho kitafanyika mwaka fulani wa mbele nilikikata kabisa, kwa sababu ahadi haijawa habari mpaka iwe na pesa au tarehe ya karibu. Kufika ukurasa wa 10 karatasi ilikuwa kama daftari la mtoto wa chekechea, na kondakta akaniuliza kama nasahihisha mitihani.

Ukurasa wa 11, kati ya aya ya upanzi wa miti na jedwali la mafunzo ya vijana, nikakuta sentensi moja isiyoingia popote. Haikuwa mafanikio wala lengo. Ilisema, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi wa saba, uendeshaji na matengenezo ya visima vilivyokamilika utahamishiwa kwa kamati za watumiaji ili kuimarisha uendelevu.

Hapa ndipo nilipoishukuru lugha yetu. Ukilazimika kuitamkia sentensi hiyo msikilizaji wa Makueni kwa Kiswahili, "uendeshaji utahamishiwa" haisemeki. Atakuuliza: nani anahamisha, na nini hasa? Ukiivunjavunja inabaki hivi: wizara itaacha kulipia dizeli, pampu ikiungua itaacha kuitengeneza, na nyinyi mtachanga. Kwa hiyo chifu hakuwa ameota. Neno "uendelevu" ndilo lililobeba jenereta nzima mgongoni.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja. Najiuliza: nani ataamka siku fulani akiwa na mzigo au haki ambayo jana hakuwa nayo? Visima 312 havimwamshi mtu yeyote tofauti. Sentensi ya ukurasa wa 11 inawaamsha watu wa vijiji vizima. Maneno yanayoificha huwa madogo madogo: "kuanzia", "isipokuwa", "kwa awamu", "kuoanisha ada". Hilo la kuoanisha ada sijawahi kuliona likishusha bei.

Nilipofika nyumbani nilikuwa na hasira ya kutosha kunitoa usingizi, nikaifukua taarifa yao ya mwaka uliopita kwenye barua pepe. Nikaiweka kando ya hii mpya sakafuni, ukurasa kwa ukurasa, mke wangu akiruka juu yake kwenda jikoni. Ya mwaka uliopita ilisema visima 290 vimechimbwa. Ya mwaka huu 312. Nikatoa. Ishirini na viwili! Ile 312 ilikuwa hesabu tangu mradi uanze, na wala hawakudanganya, kwani neno "tangu" lilikuwepo, dogo, mwishoni mwa sentensi. Kisha nikaona pengo. Taarifa ya mwaka uliopita iliahidi visima 100 kwa mwaka. Mpya haikutaja idadi kabisa, ilisema tu uchimbaji "utaharakishwa". Lengo lililofikiwa hutajwa kwa tarakimu na lililokwama hugeuzwa kitenzi, na huwezi kuligundua kwa kusoma taarifa moja peke yake, hata uisome mara kumi.

Kuna mahali pengine ambapo serikali husema ukweli kwa sauti ya chini, nami nilichelewa sana kupajua. Kila mwaka, bajeti inapoandaliwa, Hazina ya Kitaifa hutoa ripoti za sekta, vitabu vinene vya kutisha. Ndani yake mna majedwali yenye safu ya kilicholengwa, safu ya kilichofikiwa, na pembeni kabisa safu ya maelezo. Ruka yote, nenda kwenye safu hiyo ya pembeni. Ripoti niliyoikuta haikuwa na mwaka tuliokuwa nao, hutangulia kidogo, lakini kwa mwaka wa nyuma yake ilionyesha lengo 100, vilivyochimbwa 41, na pembeni maneno machache: fedha zilipunguzwa katika bajeti ya nyongeza. Sentensi hiyo haikuwa kwenye taarifa yoyote ya vyombo vya habari.

Asubuhi nikampigia afisa wa mawasiliano. Nilianza vibaya, nikamuuliza, "Mradi unaendeleaje?" Akanipa hotuba ya dakika nane, nikasikia hata mlango ukifungwa na chai ikikorogwa. Alipopumua nikauliza swali ambalo jibu lake ni tarakimu: "Kati ya visima 312, vingapi vimewekewa pampu?"

Kimya. Yeyote aliyekaa karibu na kisima anajua kwa nini. Mtambo ukishatoboa ardhi, kisima "kimechimbwa". Bado kupima kiasi cha maji, bado pampu, bado sola au jenereta, bado tangi na kioski. Mashimo mengi huishia kufunikwa na kifuniko cha chuma, watoto wakikalia. Akasema atanipigia. Hakupiga, ila magharibi akatuma ujumbe: 190. Yaani mashimo 122 yalikuwa yakihesabiwa kama mafanikio wakati hayajatoa hata ndoo moja. Nikamuuliza tena, kamati zitapata wapi pesa za matengenezo? "Kutokana na mauzo ya maji." Nikamshukuru kwa moyo wote, sina mzaha, kwa sababu angeweza kunyamaza.

Habari ya pili niliiandika hivi: kuanzia 1 Julai, wanavijiji watagharimia uendeshaji wa visima 190 vya serikali. Aya ya pili, visima 22 tu vimechimbwa mwaka huu. Ile 312 niliiweka aya ya nne pamoja na maelezo ya wizara, kwani nayo ni kweli na wana haki ya kuisema.

Nisijipake mafuta sana. Mwaka uliofuata, nikiwa nimelewa sifa za penseli yangu, nililinganisha taarifa mbili za wizara nyingine nikakuta mradi mzima umetoweka. Nikamwambia mhariri, "Bosi, hapa pana kashfa." Nilizunguka siku mbili mjini, nauli na chai za watu zikanimaliza, hadi karani mmoja pale Harambee Avenue akanitazama kwa huruma. Idara yote ilikuwa imehamishiwa wizara nyingine kwa agizo la rais la kupanga upya serikali, na mradi ulikuwa kwenye taarifa ya wizara hiyo, ukurasa wa tatu, na picha juu. Siku hizi kitu kikitoweka naanza na agizo hilo, huorodhesha kila idara iko chini ya nani.

Mzee wa Makueni alipiga tena baada ya habari ya pili. Nilidhani ananipongeza. Alisema, "Sasa umesoma vizuri. Lakini hukusema pampu ikiungua mwezi wa nane, kabla hatujauza maji ya kutosha, itakuwaje." Nilimpigia afisa siku hiyo hiyo na swali hilo. Alisema atanipigia.