Siku moja kwenye duka la gesi: kuwatafuta wateja waliopotea

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya chai nafungua jedwali. Kazi yangu hapa Tabata, kwenye duka linalopeleka mitungi majumbani, ni kuwarudisha wateja walioacha kununua. Leo ni siku ya 14 tangu tutume ofa iliyopita, kwa hiyo leo ndiyo siku ya kuhesabu.

Bosi ameshahesabu kabla yangu. "Tumetuma kwa watu 180, wamerudi 27. Hongera." Namwomba asubiri kidogo. Kundi lile lilikuwa na watu 240. Wiki mbili zilizopita niliwachagua 60 kwa bahati nasibu na sikuwatumia chochote. Alinikasirikia siku ile, akiona nimezitupa namba 60. Sasa namwonyesha kwamba kati ya hao 60 ambao hawakupata meseji wala punguzo, 6 wamerudi wenyewe. Hiyo ni asilimia 10. Waliopata ofa wamerudi asilimia 15. Maana yake kati ya wale 27, takriban 18 wangerudi hata tungekaa kimya, na ofa imetuletea kama 9 tu.

Punguzo lilikuwa shilingi 2,000 na wote 27 wamelipata, jumla 54,000. Faida yetu kwenye mtungi wa kilo 6 ni kama 3,000, kwa hiyo wale 9 wametuingizia 27,000. Tumepata hasara, labda kama watu hao 9 watanunua tena bila punguzo. Bosi ananyamaza. Ili nami nisimdanganye, nasema pia kwamba watu 60 ni wachache: wangerudi wawili zaidi au wawili pungufu, hesabu yote ingebadilika. Ndiyo maana safari hii nataka wasiotumiwa wawe 100. Anakubali, ila uso haukubali.

Saa 3:00. Kupanga makundi. Nilipoanza kazi nilikuta orodha ya "siku 60 bila kununua", kila mtu humo humo. Orodha ile ilikuwa inadanganya. Mwenye mtungi wa kilo 6 anayejaza kila baada ya siku 28, akifika siku 60 ameshahamia kwingine. Mwenye kilo 15 na familia ndogo, siku 60 ndiyo kwanza gesi inaelekea kuisha. Ukimtumia punguzo huyu wa pili, umempa pesa kwa kitu ambacho angenunua wiki ijayo kwa bei kamili, na umemfundisha kusubiri ofa.

Kwa hiyo kila mteja namlinganisha na mwendo wake mwenyewe. Safu ya C ina tarehe aliyonunua mara ya mwisho, na D ina siku anazokaa kwa kawaida kati ya mtungi na mtungi:

```
=(TODAY()-C2)/D2
```

Jibu likiwa 1, muda wake umefika leo. Kwenye D natumia namba ya katikati, si wastani, kwa sababu safari moja ya mwezi mzima kijijini inaharibu wastani wote. Aliyenunua chini ya mara nne hana mwendo wa kuaminika, kwa hiyo namkadiria kwa ukubwa wa mtungi. Januari nailegeza kidogo, maana watu wa Moshi wakishapanda mabasi Desemba, jiko la Dar linapumzika na jedwali linadhani wametuasi.

Kuanzia 1.3 hadi 2 naita waliochelewa, na hao ni kumbusho tu, bila punguzo. Kuanzia 2 hadi 4 ni wanaopotea, na ndio ofa inaweza kuwavuta. Zaidi ya 4 ni waliopotea. Hao siwatumii ofa kabla sijawapigia baadhi yao.

Saa 4:30. Simu kumi. Hii ndiyo saa ninayoipenda. Namba ya kwanza imeshachukuliwa na mtu mwingine, ananiuliza kama namdai. Wa pili amehamia Chanika. Wa tatu anapikia jiko la umeme na gesi anaiwasha mara chache. Kisha mama mmoja wa ghorofa ya tatu.

"Shikamoo mama, napiga kutoka duka la gesi."

"Marahaba mwanangu. Nyie? Kijana wenu aliniachia mtungi chini pale getini. Mgongo wangu huu, anibebee nani?"

"Pole sana mama. Bei je, ilikuwa tatizo?"

"Bei gani? Wa jirani ni ghali kuliko nyie, lakini anaufunga mpaka kwenye jiko na anajaribu kama unavuja."

Narudi kwenye orodha na kuwatafuta wote wa 4 na kuendelea ambao anwani yao ina neno "ghorofa". Ni 31. Hawa 31 shilingi 2,000 isingewagusa hata kidogo. Ofa yao inakuwa moja: mtungi unapandishwa hadi jikoni na kufungwa, kwa bei ile ile. Gharama yake ni dakika chache za kijana wa bodaboda, na nimeshaelewana naye.

Simu ya nane inaniaibisha. Baba anasema, "Mbona juzi tu mmeleta?" Ni kweli. Mkewe alilipa kwa namba yake, na jedwali linamjua kila mtu kwa namba aliyolipia. Nyumba moja, wateja wawili, mmoja "amepotea". Nalinganisha anwani na kuwaondoa 19 wa namna hiyo. Wangepata meseji ya "tumekukumbuka" gesi yetu ikiwaka jikoni.

Saa 7:00. Wali maharage kwa mama ntilie, nakula haraka.

Saa 8:00. Kuandika meseji. Herufi za kawaida 160 zinahesabiwa meseji moja. Ukitia kikatuni kimoja cha tabasamu, au alama za kunukuu zilizopinda ulizonakili kutoka sehemu nyingine, kikomo kinashuka hadi 70 na unalipia meseji mbili au tatu. Nimewahi kuumia hapo. Kwa waliochelewa naandika:

"Habari, ni duka la gesi Tabata. Mtungi wako wa kilo 6 umekaribia kuisha? Jibu NDIYO tukuletee leo. Hutaki meseji zetu? Jibu ACHA."

Sitaji tarehe aliyonunua wala siku zilizopita, kwa sababu mtu anahisi anachunguzwa. Na ACHA si mapambo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu akikataa matangazo namba yake inatoka kwenye orodha zote, si ya leo tu.

Saa 10:00 jioni. Kutuma. Nachagua saa hii kwa kuwa gesi hukatika mtu akiwa anapika, na jioni ndiyo watu wanawaza jiko. Natuma 60, nasubiri nusu saa, kisha 60 nyingine. Tuna bodaboda tatu tu. Zamani tulituma zote kwa mpigo, oda zikajaa, wengine wakaletewa kesho yake, na mteja uliyemwita mwenyewe kisha ukamchelewesha hapigi simu tena.

Saa 12:15. NDIYO 14, ACHA 3, na mmoja ameandika "nyie ni akina nani". Wa ghorofa nimewatumia mwisho. Mama wa mgongo hajajibu. Naandika kwenye safu yake "apigiwe Alhamisi, asitumiwe punguzo", nafunga kompyuta, na kijana wa bodaboda anauliza kama ile ya ghorofa ya nne Segerea ina lifti.