Barua kwa mchungaji

Shalom wapendwa. Leo baada ya ibada nimemkabidhi baba mchungaji barua niliyoiandika wiki nzima. Naumia kuona kila tukifika kwenye kiitikio cha wimbo wa kufungulia ibada, akina baba wananyamaza. Do iko G, sauti inapanda hadi la, yaani E ya juu. Tukishusha do hadi E bemoli, la hiyo itakuwa C, na usharika wote utaifikia.

Nimeomba pia kikundi cha tarumbeta cha vijana. Tarumbeta zetu ni za B bemoli, kwa hiyo wimbo huohuo watausoma kwa F, wenye bemoli moja tu. Anayeanza anaumudu. Nimependekeza nyimbo 3 za kuanzia, zote za mwendo wa polepole, maana midomo yao bado inachoka haraka. Baba amesema ataipeleka kwa wazee.