Nilivyotenganisha nauli kwenye ankara kabla ya kukadiriwa ushuru

Mashine zangu za kufungashia zilikuwa bado kwa muuzaji aliponitumia ankara ya awali. Ilikuwa na mstari mmoja tu: dola 12,400, DAP, yaani hadi mlangoni kwangu. Ndani ya hiyo jumla kulikuwa na bei ya mashine, nauli ya meli, bima na lori la kutoka bandarini.

Nchi nyingi hutoza ushuru kwa thamani ya CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na nauli na bima hadi unapoingia nchini. Nyingine, kama Marekani, huiacha nauli ya kimataifa nje. Mkataba wa WTO kuhusu thamani ya forodha umeruhusu njia zote mbili, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua nchi yako inafuata ipi. Yangu inafuata CIF. Mkataba huohuo unasema usafirishaji wa baada ya mzigo kuingia nchini hauhesabiwi, mradi uwe umetenganishwa na bei. Hilo sharti la kutenganisha ndilo lililonifanya nimwandikie muuzaji siku hiyohiyo.

Nilimwomba aitoe ankara upya, kila gharama na mstari wake. Ikaja hivi: mashine dola 10,000, nauli ya meli 1,500, bima 100, lori 800. Jumla haikubadilika, ila thamani ya forodha sasa ni 11,600. Kwa ushuru wa asilimia 25, badala ya 3,100 ni 2,900. VAT nayo hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, hivyo badala ya kuanzia 15,500 inaanzia 14,500. Kwa asilimia 18, hiyo ni dola 180 nyingine. Jumla ya tofauti ni 380, na hakuna kilichofichwa.

Mistari peke yake haitoshi, na ni haki ya afisa kuitilia shaka, maana wapo wanaohamishia bei ya bidhaa kwenye lori. Niliambatisha ankara ya kampuni ya meli, ya mwenye lori na cheti cha bima. Kwenye cheti kuna tarakimu mbili za kutazama kwa makini: kiasi kilichokatiwa bima, ambacho kwangu kilikuwa 12,760 kwa sababu kawaida hukatwa asilimia 110 ya CIF, na malipo ya bima yenyewe, dola 100. Kinachoingia kwenye thamani ni hizo 100. Nilizizungushia kalamu kabla ya kumkabidhi wakala.

Kisha nikamsihi wakala asiongeze tena ile 1,500 kwa kuwa ameiona kwenye ankara ya meli, kwani tayari imo. Alinitumia rasimu ya tamko kabla ya kuliwasilisha, nikalinganisha mstari kwa mstari. Makadirio yalirudi na thamani ya 11,600.