Kilo nane kutoka stoo iliyofungwa

Mwaka 2023 nilikuwa nikisaidia msambazaji mmoja wa viungo vya chakula hapa Nairobi kupanga mizigo yake. Alikuwa na stoo Lunga Lunga na Ruiru, na ya tatu Kikuyu ambayo msambazaji huyo alitaka kujua kama inafaa kulipiwa kodi ya shilingi 400,000 kwa mwezi. Modeli ya hesabu ya kupanga mizigo hiyo ilikuwa imeandikwa na kijana aliyenitangulia, na solva, yaani programu inayotafuta mpango wa gharama ndogo kabisa, ilikuwa HiGHS. Jibu likaja: Kikuyu ifungwe. Ripoti ikachapisha sifuri, karatasi za mizigo zikatolewa, kila mtu akaridhika.

Asubuhi moja dereva akanipigia. "Bosi, niko Kikuyu. Geti lina kufuli na mlinzi hanijui. Karatasi yangu yasema nichukue kilo nane za pilau masala nipeleke Limuru."

Nilimwambia arudi Inda, kwenye stoo ya Lunga Lunga, nikafungua jibu lenyewe badala ya ripoti. Ripoti ilikuwa ikikata namba baada ya desimali mbili tu, kwa hiyo haikuwa na la kuniambia.

```
fungua[Kikuyu]          8e-07
mzigo[Kikuyu,Limuru]    8.0
mzigo[Ruiru,Ngong]      2.3e-13
```

Mstari wa tatu haukunishtua. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu kama 16 za maana, na namba kama 0.1 haiandikiki kamili katika mfumo wa jozi. Ukijumlisha na kutoa mara nyingi, makombo ya aina hiyo hubaki. Hakuna lori linalobeba sehemu ya trilioni ya kilo.

Mstari wa kwanza ndio uliokuwa na hadithi. `fungua` ilipaswa kuwa 0 au 1, lakini solva hukubali namba kuwa nzima ikiwa iko karibu vya kutosha, na katika HiGHS kipimo cha ukaribu huo, `mip_feasibility_tolerance`, ni 1e-6, yaani 0.000001, usipokibadilisha. 8e-07, yaani 0.0000008, iko ndani ya mpaka huo. Kwa solva, stoo ilikuwa imefungwa.

Sasa tazama kanuni iliyounganisha stoo na mzigo. Kijana alitaka kusema kwamba stoo ikifungwa hakuna kinachotoka, na ikifunguliwa kitoke chochote. Kwa "chochote" akaweka kilo milioni kumi:

```
mzigo <= 10000000 * fungua
```

Zidisha milioni kumi kwa 8e-07 upate kilo nane kamili, na hizo ndizo oda ya duka la Limuru, duka pekee ambalo kulihudumia kutoka Kikuyu kulikuwa nafuu: shilingi 4 kwa kilo badala ya 11 kutoka Lunga Lunga. Solva iliokoa shilingi 56 na kulipa kodi ya senti 32. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Aliyedanganyika ni mwenye kupokea kodi.

Mwenzangu wa ofisini alipendekeza tugeuze kilo kuwa tani, maana namba kubwa ndizo zinazosumbua. Kupunguza tofauti za ukubwa kati ya namba husaidia solva kuhesabu bila makombo mengi, hilo ni kweli. Lakini hapa milioni kumi ingekuwa tani elfu kumi, oda ingekuwa tani 0.008, na ukigawanya unarudi palepale, 8e-07. Ubaya zaidi, ripoti ya desimali mbili ingeonyesha mzigo 0.00, na dereva asingekuwa na karatasi ya kutupigia simu.

Akauliza tena: je, `presolve`, ile hatua ya kusafisha modeli kabla ya kuitatua, si ingepunguza hiyo milioni kumi yenyewe? Ingeweza, kama ingejua mzigo hauwezi kuzidi kiasi fulani. Oda zetu zilikuwa zimeandikwa "isipungue kilo nane", bila dari popote, kwa hiyo haikuwa na pa kushika. Kukaza kipimo hadi 1e-9 kungefukuza kilo nane hizo, ila ungebana hesabu karibu na makombo yake na kuiacha milioni kumi mahali pake.

Tukampigia mzee wa stoo kumuuliza Kikuyu huhifadhi kiasi gani ikijaa. "Kilo elfu sita, na hapo unatembea kwa ubavu." Tukaweka 6000. Sasa kutoa kilo nane kungehitaji `fungua` ya 0.0013, mara elfu na zaidi ya kipimo cha solva, na hata kabla ya kulazimishwa kuwa namba nzima, kipande hicho kingegharimu kodi ya shilingi 533 ili kuokoa 56. Hakuna solva ingefanya biashara hiyo. Tukaweka dari pia kwenye oda, na stoo nyingine mbili zikapata namba zao.

Tulipoiendesha tena, `fungua[Kikuyu]` ikatoka 0 tupu, Limuru ikapelekewa kutoka Lunga Lunga, na gharama ikapanda kwa shilingi 55 na senti 68. Ile 2.3e-13 ya Ruiru ilibaki, na karatasi za mizigo tukazipa sharti la kuruka chochote kilicho chini ya gramu moja.