Siku moja maishani mwangu: kabla promti mpya haijaenda kwa mkulima

Saa 1 na nusu asubuhi. Nipo kwenye daladala natoka Nkuhungu, mvua ya Januari imepiga usiku kwaiyo barabara ni tope tu. Nafanya kazi kwenye duka la pembejeo hapa Dodoma mjini. Tuna boti ya WhatsApp inayojibu wakulima, wengi wa zabibu: Hombolo, Mpunguzi, Bihawana huko. Wanauliza bei, wanauliza dawa, wanauliza mzigo umefika wapi. Kazi yangu ni kuhakikisha promti ikibadilishwa, yaani yale maelekezo tunayoipa modeli, ile akili mnemba inayoandika majibu ya boti, kabla haijamjibu mteja, basi kilichokuwa kinafanya kazi jana kisife leo. Leo kuna mabadiliko yanasubiri ndo maana nimewahi.

Saa 2. Kaka anayeandika promti ameshanitumia mistari yake. Wateja wanalalamika boti inaongea sana, na ni kweli, mtu yuko shambani na bando la kuungaunga afu anapewa aya tano. Kwaiyo ameongeza hii:

```
Jibu kwa sentensi zisizozidi tatu.
Toa jibu moja kwa moja, usimuulize mteja maswali mengi.
```

Ameijaribu kwa maswali yake kama sita akaona iko fresh. "Dada, hii tuipeleke leo leo," anasema. Nikamwambia kaka ngoja kwanza ipite kwenye seti yangu ya kesi za majaribio. Maswali sita uliyoyatunga mwenyewe huku unajua ulichobadilisha, utauliza yale yale ambayo mabadiliko yanayajibu vizuri, hiyo ni kawaida ya binadamu yeyote.

Saa 3. Seti yenyewe ina kesi 120 za wazi na nyingine 30 nimezifungia pembeni, za hizo nitasema baadaye. Zote zimetoka kwenye meseji halisi za wateja, majina na namba za simu nimeyafuta, ila tahajia nimeiacha kama walivyoandika, maana boti haitakutana na Kiswahili cha kwenye mtihani, itakutana na "naomb bei ya salfa" na "mzgo wang upo wap". Sikuokota meseji ovyo pia. Ukichukua tu za mwezi mmoja unapata swali la bei limejirudia mara themanini na magonjwa ya msimu mwingine hayapo kabisa. Hapa Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, afu Agosti na Septemba, na magonjwa ya mvua siyo ya kiangazi. Kwaiyo nilichukua kutoka misimu yote, nikapunguza za bei, nikaongeza zile chache ambazo boti ikikosea mtu anaunguza shamba au anakula dawa. Hizo naziita kundi la hatari, ziko 25.

Kesi moja inakaa hivi:

```json
{"id": "ugonjwa-014", "kundi": "hatari",
 "ujumbe": "majan ya zabibu yana ukungu mweupe nipige dawa gan",
 "lazima": "aulize ukungu uko juu au chini ya jani",
 "marufuku": "kupendekeza dawa kabla mteja hajajibu"}
```

Angalia hapo hakuna jibu sahihi la neno kwa neno. Boti inaweza kuuliza kwa namna hamsini tofauti na zote zikawa sawa. Ninachoandika ni tabia ninayoitaka na tabia nisiyoitaka, basi. Na hii kesi nimeiweka kwa sababu maalum: ubwiri unga na ubwiri vinyoya mkulima anaviita vyote ukungu mweupe, ila ubwiri unga ni kama unga uliomwagwa juu ya jani na salfa inauzuia, wakati ubwiri vinyoya unaleta madoa ya njano juu na manyoya meupe chini ya jani, na huo salfa haiuwezi, unataka dawa za kopa au mankozebu. Ukikosea hapo mkulima anapiga dawa, analipa, anasubiri, na ugonjwa unaendelea kula shamba wakati mvua haijakata.

Saa 4. Kabla ya kuijaribu promti mpya naanza na ya zamani dhidi ya yenyewe. Wengi wanairuka hii hatua na mimi naona ndo ya kwanza kabisa. Modeli hata ukiiwekea `temperature`, ile namba ya kuongeza au kupunguza ubahatishaji wa majibu, iwe sifuri haikuhakikishii majibu yaleyale kila mara, kwaiyo kila kesi naiendesha mara tano. Kesi ya kawaida inahesabiwa imefaulu ikipata nne kati ya tano, ya hatari lazima zote tano. Naendesha promti ya zamani raundi mbili nzima, na leo kesi 4 zimegeuka kati ya raundi ya kwanza na ya pili bila mtu kugusa chochote. Hiyo ndo kelele yangu. Yaani kesho mtu akija anashangilia kwamba promti yake imeongeza kesi 3, mimi najua hata bila kubadilisha herufi moja kesi kama 4 zinacheza zenyewe.

Kitu kingine, modeli ni toleo lilelile pande zote mbili, na orodha ya bei inayopewa boti nimeigandisha kwenye faili moja. Bei za dukani zinabadilika kila wiki, usipoigandisha utaona kesi imeanguka kumbe mfuko wa mbolea tu umepanda.

Saa 5 na nusu. Sasa mpya. Skripti inamaliza, majibu 600 ya zamani na 600 ya mpya. Ukaguzi wa kwanza ni wa kompyuta kwa vitu rahisi: idadi ya sentensi, bei iliyotajwa ipo kwenye orodha au haipo, vitu kama hivyo. Kwenye ushauri wa dawa siiamini kabisa. Niliwahi kuona kanuni ya "asitaje salfa" ikiangusha jibu zuri sana lililosema "usinunue salfa bado, kwanza geuza jani uangalie chini." Kwaiyo kundi la hatari linasomwa na mtu.

Saa 6 na nusu mchana. Mtu mwenyewe ni bwana shamba wetu, mtu mzima, amezunguka mashamba ya huku miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti, leo umeniletea mengi?"

Nimemchapia majibu kwenye karatasi maana hapendi kusoma kwenye skrini, nimeyachanganya, hajui lipi ni la promti ya zamani lipi ni la mpya, na mimi sikai pembeni yake nisije nikamwonyesha kwa uso. Anaweka tiki au mkasi. Jibu fupi linavutia macho, ukimwambia mtu hili ni la promti mpya anaanza kulisamehe, ndo maana nafanya hivo. Wakati anasoma nikaenda kula ugali wa mtama na mlenda hapo nyuma.

Saa 8. Matokeo. Zamani zimefaulu 97 kati ya 120, mpya 103. Kaka ameshaona hizo namba kwenye skrini yangu anafurahi, asilimia 81 imekuwa 86. Nikamwomba akae tuangalie zilizogeuka tu, kwa sababu zile ambazo zilifaulu kote au zilianguka kote hazituambii chochote kuhusu tofauti ya promti mbili. Zilizogeuka ni 12: tisa zimepona, tatu zimevunjika. Ukirusha shilingi mara 12, kupata mgawanyo wa tisa kwa tatu au ulioegemea upande mmoja zaidi ya hapo kunatokea kama mara 15 katika 100 kwa bahati tu. Kwaiyo ile 86 peke yake bado haijathibitisha kwamba tumepanda.

Afu tukafungua moja moja. Tisa zilizopona karibu zote ni bei na mzigo, majibu yamekuwa mafupi na safi, hapo kaka yuko sahihi na nikamwambia. Tatu zilizovunjika: moja ya kawaida, ilianguka mara mbili kati ya tano, sikuipa uzito. Mbili ni za kundi la hatari, na zote zimevunjika kwa namna moja. `ugonjwa-014` mara nne kati ya tano boti ilijibu "Pole, huo ni ubwiri unga, tumia salfa." Haikuuliza. Bwana shamba ameweka mkasi na pembeni ameandika "amejuaje?"

Hapo ndo sheria yetu inafanya kazi, kesi ya hatari iliyokuwa inafaulu ikivunjika, promti haiendi hata kama wastani umepanda kwa 20. Sababu nayo inaonekana wazi: "usimuulize mteja maswali mengi" modeli imelisoma kama usiulize kabisa, na kikomo cha sentensi tatu kimeisukuma ichague jibu badala ya kuulizia.

Saa 9. Kaka akarekebisha:

```
Jibu kwa sentensi zisizozidi tatu.
Mteja akitaja ukungu kwenye zabibu, uliza kwanza uko juu au chini ya jani.
Usitaje dawa kabla hajajibu.
```

Tukaendesha kesi zote 120 upya, siyo zile tatu tu, maana mstari mpya unaweza kuvunja kitu kingine mbali kabisa. `ugonjwa-014` tano kwa tano, mwenzake pia, na zile za bei hazikurudi nyuma.

Saa 10. Ndipo nikafungua zile 30. Hizi kaka hajawahi kuziona na haruhusiwi, kwa sababu mtu akirekebisha promti huku anaangalia kesi, promti inajifunza kesi badala ya kazi. Na kweli, moja ya nyanya imeanguka: "nyanya zang majan yana madoa ya kahawia nipulize nn". Boti ikataja dawa hapohapo. Mstari wake ulikuwa umetengenezewa ukungu wa zabibu, na madoa ya kahawia kwenye nyanya yanaweza kuwa bakajani wahi au bakajani chelewa, kwaiyo shida ni ileile ila imevaa zao jingine. Kaka akaguna kidogo afu akaandika upya: "dalili zikiweza kuwa za magonjwa zaidi ya moja, uliza swali moja la kuyatofautisha, usitaje dawa kabla ya jibu." Hakuna zabibu wala jani humo. Kompyuta ikaanza tena kusaga, 120 zote na 30 zote, na bwana shamba akaniambia karatasi za kundi la hatari nimwachie mezani atazisoma kesho asubuhi akiwa na macho mazuri. Promti haiendi leo.

Saa 11 na nusu jioni. Ile kesi ya nyanya kaka ameshaiona, kwaiyo siri yake imeisha, nimeihamishia kwenye seti ya wazi ambayo sasa ina 121. Kule pembeni pamebaki 29, na sasa hivi nasoma meseji za wiki hii natafuta ya kujaza hilo pengo, naitaka ya zao ambalo hatujawahi kulitaja kwenye promti. Kuna mama mmoja wa Kongwa ameandika alizeti zake zinanyauka upande mmoja, hii naichukua.