Kuamuru, kunoa au kuunga mkono: nilivyoongoza wachumaji wangu wa parachichi Rungwe

Bado nina hasira na yule mkufunzi wa semina aliyetuambia kwamba kiongozi wa kisasa hatoi amri, anauliza maswali. Nasimamia kikosi cha wachumaji wa parachichi za Hass za kuuza nje. Semina iliangukia wiki ya kuanza msimu, nusu ya kikosi wakiwa wageni, na bosi akasisitiza tufanye tulivyofundishwa.

Basi nikawakusanya chini ya mti, nikauliza, "Jamani, mnaonaje, tunda la kwenda nje lichumwe vipi?" Wakatazamana. Kijana mmoja akajibu, "Mkuu, si kama tunavyochuma nyumbani tu?" Nikamshukuru kwa mchango wake, maana ndivyo tulivyoelekezwa. Kufika saa nne wengine walikuwa wananyofoa matunda kwa mkono, wengine wameacha vikonyo virefu kama misumari. Lililonyofolewa hubaki na kidonda juu, na uozo huingilia hapo. Siku hiyo huoni kitu. Utaona likianza kuiva, huko mbali. Vile vikonyo virefu navyo vilichoma matunda jirani kwenye kreti, barabara yetu mnaijua. Mpokeaji akatenga kama robo ya mzigo, na hakuuliza maoni ya mtu.

Kesho yake nikaamuru. Kata kwa mkasi, kikonyo kibaki milimita chache, kipapase kwa kidole kisikukwaruze. Usidondoshe tunda. Kreti kivulini. Kukiwa na umande, hakuna kuchuma. Nikaonyesha, kisha nikakagua kreti ya kwanza ya kila mmoja, tunda kwa tunda. Hakuna aliyenuna.

Wamarekani wawili, Paul Hersey na Ken Blanchard, waliandika tangu 1969 kwamba mtindo wa uongozi ufuate hali ya anayeongozwa: anaijua kazi kiasi gani, na ana moyo kiasi gani. Watafiti waliokuja kuipima nadharia hiyo hawakukubaliana kwa kila sehemu, ila upande wa wafanyakazi wapya kuhitaji maelekezo ya wazi ndio uliosimama vizuri zaidi. Natamani mkufunzi wetu angefika ukurasa huo.

Kunoa, yaani kumfundisha mtu kwa maswali huku uamuzi ukibaki kwako, kulikuja baadaye, kwa dada mmoja wa Kiwira. Mkasi alishaumudu, lakini matunda yake yalirudishwa kwa kuwa machanga, na tunalipa kwa kreti, kwa hiyo akaanza kuzungumzia kuacha kazi. Kumsifu tu kusingesaidia, maana kweli hakujua kuchagua. Kumwamuru zaidi kungemmaliza. Hass iliyokomaa hubaki kijani mtini, na ukubwa wake hudanganya. Nikampa matunda matatu ayakate katikati, nikamwuliza, "Dada, tazama ganda la mbegu, yanatofautianaje?" Akaona mwenyewe: kwenye tunda changa ganda ni jeupe na nene, kwenye lililokomaa ni jembamba na la kahawia. Tukarudi mtini kutazama ngozi, kwa sababu lililokomaa hupoteza mng'ao. Yeye alieleza, mimi nikasahihisha. Ila mti upi uchumwe siku hiyo, nilibaki kuamua mimi.

Kuunga mkono ni tofauti, maana uamuzi unamwachia mhusika. Tuna mzee aliyechuma miaka mingi kuliko mimi. Baada ya mzigo mmoja kukataliwa akaingia woga, akawa ananipigia simu kwa kila mti. Nilichogundua ni kwamba kila swali lake lilikuwa na jibu ndani yake: "Huu wa bondeni bado unang'aa, tuuache?" Nikawa najibu, "Wewe unaonaje, baba?" kisha nanyamaza. Simu zikapungua. Hapo ndipo maswali ya mkufunzi yalikuwa na mahali pake.

Lakini mzee huyohuyo, tulipompa fomu ya kumbukumbu za shamba aanze kuijaza, alikuwa mgeni kabisa. Nilimwamkia shikamoo, nikaketi kando yake, nikamwelekeza kama kijana wa juzi: namba ya shamba hapa, tarehe hapa, idadi ya kreti huku. Usimpangie mtu mtindo mmoja. Mpangie mtindo kwa kila kazi aliyonayo.

Na usimwulize mtu, "Unaweza?" Huku kwetu kila mtu ataitikia kwamba anaweza. Mpe mkasi, sema "Hebu nionyeshe," ufunge mdomo. Akikosea tangu mwanzo, elekeza. Akipatia hapa akikosea pale na uso umekunjamana, mnoe. Akipatia kila kitu huku anakutazama wewe, muunge mkono. Akipatia bila kukutazama, mwachie kazi uende zako.

Mvua ikianza, hayo yote yanasimama. Tunda lililochumwa limelowa huoza upesi, kwa hiyo hata mzee wangu anaambiwa kwa sauti aweke mkasi chini, na hapo simwulizi anaonaje.