Barua ya kuomba shule ya usanifu majengo: nilivyoieleza michoro yangu niliyojifunza mwenyewe

Shule niliyoiomba, iliyoko Uingereza, ilitaka vitu viwili kutoka kwa mwombaji asiye na masomo rasmi ya uchoraji: jalada la michoro na barua ya ukurasa mmoja. Hapa nazungumzia barua zaidi, kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi waliojifunza wenyewe. Michoro wanayo, lakini barua inaishia kusema wanapenda majengo tangu utotoni. Msomaji ameshaisoma sentensi hiyo mara nyingi na haimwambii lolote kuhusu karatasi zilizo mbele yake.

Kanuni niliyoifuata ni hii: barua iseme kile ambacho mchoro hauwezi kujisemea, yaani nilichopima, namna nilivyokipima, na nilichokigundua kwa kuchora ambacho macho matupu hayakukiona. Basi hata uchaguzi wa michoro ukawa rahisi. Mchoro wowote ambao sikuweza kuuandikia sentensi ya namna hiyo niliuondoa, hata kama ulikuwa mzuri. Michoro iliyonakiliwa kutoka kwenye picha ndiyo iliyotoka kwanza. Mtu aliyezoea huitambua haraka: kuta zinalalia ndani kuelekea juu kama lenzi ya simu inavyozilaza, na kivuli kinaziba pembe ambazo mtu aliyesimama pale angeziona.

Zilibaki karatasi 12, na barua haikuzieleza zote. Nilichagua tatu za nyumba moja ya zamani ya mawe katika mji wa Lamu, nikazipa karibu nusu ya ukurasa. Nyingine zilipata sentensi moja moja, na baadhi hazikutajwa kabisa.

Karatasi ya kwanza kati ya hizo tatu ni ramani ya sakafu kwa kipimo cha 1:50, yaani sentimita moja ya karatasi ni sentimita 50 za nyumba. Nyumba za namna hii zina misana miwili, yaani kumbi za kukaa, inayofuatana mbele ya uwanja wa ndani, kisha chumba cha ndani nyuma yake, vyote virefu na vyembamba. Upana wao unatokana na boriti za mikoko zinazobeba dari. Juu ya boriti kuna tabaka nzito la mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti ikivuka nafasi kubwa kuliko takriban mita 3 hupinda. Katika nyumba hii kila chumba kina upana wa mita 2.7. Kwenye barua sikuandika kwamba vyumba ni vyembamba, maana hilo linaonekana. Niliandika: “Upana wa vyumba vyote vitatu ni mmoja, kwa sababu unapimwa na mti wa mkoko.”

Kisha nikaeleza upimaji. Nilitumia futi kamba ya mita 30, nikaishika sifuri pale pale kwenye kona moja na kusoma vipimo vyote kwa mfululizo, bila kupima kipande kipande, kwa kuwa ukipima vipande makosa madogo hujumlishana. Katika kila chumba nilipima pia kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa kukatisha. Vipimo hivyo viwili visipolingana, chumba hakina pembe mraba, na nyumba ya zamani ni nadra kuwa nazo. Ramani ya nyumba ya kale yenye pembe safi za digrii 90 kila mahali inamwambia msomaji kwamba mchoraji hakupima.

Sehemu iliyoibeba barua ilihusu karatasi ya pili, ya ukuta wa nyuma, ule wenye zidaka, yaani safu za vishubaka vya ukutani. Unene wa ukuta unapimwa kwenye uwazi wa mlango, na kuta tatu za nyumba hii zenye milango zilikuwa na sentimita 50 kila moja. Ukuta wa zidaka hauna mlango, hivyo haupimiki moja kwa moja. Unene wake hupatikana kwa kutoa. Nilipanda paa la bapa, nikapima kutoka ukingo wa uwanja hadi uso wa nje wa ukuta wa nyuma: mita 10.34. Vyumba vitatu vya mita 2.7 ni mita 8.1, na kuta tatu ni mita 1.5, jumla mita 9.6. Inayobaki ni sentimita 74. Ukuta huo ni mnene kuliko wenzake kwa sentimita 24, na ndani ya unene huo ndimo vishubaka vya zidaka vilimochongewa nafasi. Maelezo haya yote yaliingia kwenye barua kwa sentensi nne, pamoja na hesabu. Nilipoitwa kwenye mahojiano, swali la kwanza lilikuwa juu ya ukuta huo.

Karatasi ya tatu ni mkato, yaani nyumba kana kwamba imepasuliwa kwa msumeno kutoka paani hadi msingini. Hapa barua ilitaja jambo moja tu: sakafu inapanda kidogo kila unapoingia chumba cha ndani zaidi. Tofauti hizo nilizipata kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ule mafundi wanaoutumia kusawazisha msingi. Hakikisha hamna povu la hewa ndani ya mpira, la sivyo maji ya ncha mbili hayalingani na kipimo chote kinapotea.

Nyumba hii inakaliwa na watu. Mwenye nyumba aliniruhusu kupima chumba cha ndani ila nisichore vyombo vya familia, nami nikaandika hivyo kwenye barua bila kumtaja jina. Ndiyo maana chumba hicho ni kitupu kwenye ramani, na msomaji asiyeambiwa angedhani nimeshindwa kukimalizia. Aliyenishikia ncha ya pili ya futi kamba naye alitajwa kama fundi mwashi wa jirani.

Kuhusu kujifunza mwenyewe, nilitumia sentensi mbili bila kuomba radhi. Ya kwanza ilisema nilichojifunza na kwa njia gani: kupima na kuchora kwa mkono kwa kufuata mafundi wa chokaa. Ya pili ilisema nisichokijua: sijafundishwa hesabu za uimara wa jengo na sichori kwa kompyuta. Shule inahitaji kujua pa kuanzia na wewe, na mwombaji anayejidai kujua kila kitu hukwama mahojiano yakianza.

Mambo mawili ya mwisho huharibu hata barua nzuri. La kwanza ni kipimo. Ukiandika “1:50” kwenye mchoro kisha ukautuma kama PDF, kipimo hicho si kweli tena, kwani kioo cha kompyuta hukikuza au kukipunguza. Chora mstari wa vipimo chini ya karatasi, wenye mita 0, 1, 2 hadi 5. Huo hukua na kupungua pamoja na mchoro. La pili ni namba za karatasi. Ukibadilisha mpangilio wa jalada baada ya kuandika barua, “karatasi ya 4” inakuwa kitu kingine, na maelezo ya ukuta wa zidaka yanaangukia mchoro wa mlango. Kabla ya kutuma nilimpa rafiki faili lenyewe, si karatasi zangu za mezani, nikamsomea barua kwa sauti huku yeye akifungua kila ukurasa niliotaja.